Milioni Kumi za 0.1: Kwa Nini Kompyuta Inajumlisha Vizuri Ikigawa Nusu kwa Nusu

Chukua 0.1, uijumlishe mara milioni kumi. Mwanafunzi wa darasa la sita hahitaji hata kalamu: jibu ni milioni moja. Ipe kompyuta kazi hiyohiyo kwa namba za biti 32, aina inayotumika sana kuhifadhi sauti, picha na ramani za hali ya hewa, kisha iache ijumlishe kama tunavyojumlisha karatasini, moja baada ya nyingine kutoka juu kwenda chini. Itakujibu 1,087,937. Imezidisha karibu elfu themanini na nane, na ukirudia mara mia itatoa jibu lilelile mara mia.

Ukiendelea kuongeza 0.1 baada ya hapo, mambo yanazidi kuwa ya ajabu. Jumla itapanda hadi 2,097,152, kisha itasimama. Ongeza 0.1 nyingine milioni moja, au bilioni moja: haitasogea hata chembe.

Sasa chukua namba zilezile, kompyuta ileile na biti zilezile 32, ubadilishe kitu kimoja tu: mpangilio wa kujumlisha. Gawa orodha katikati, jumlisha nusu ya kwanza peke yake na nusu ya pili peke yake, kisha unganisha majibu mawili. Kila nusu nayo igawe vivyo hivyo, na nusu za nusu, mpaka ubaki na namba mojamoja. Idadi ya kujumlisha haijaongezeka hata moja, lakini jibu linatoka 1,000,000 kamili. Makala hii inaeleza kisa cha tofauti hiyo, na mahali ambapo mbinu hii inafika mwisho wa uwezo wake.

Tuanze na namba yenyewe. Namba ya desimali ya biti 32, kwa kanuni ya IEEE 754 iliyopitishwa mwaka 1985, ina nafasi ya tarakimu 24 za mfumo wa mbili. Hizo ni sawa na tarakimu saba hivi za mfumo wetu wa kumi. Nukta inaweza kuhamishwa kushoto au kulia, kwa hiyo namba inaweza kuwa kubwa sana au ndogo sana, lakini tarakimu zenyewe haziongezeki. Matokeo yake ni kwamba namba ambazo kompyuta inaweza kuziandika haziko kila mahali kwenye mstari wa namba. Ziko kwa mapengo, na mapengo hayo hupanuka kadiri namba zinavyokua. Kati ya 1 na 2 mapengo ni madogo sana, kama sehemu moja ya milioni nane. Ukifika kati ya 524,288 na 1,048,576, pengo kutoka namba moja hadi inayofuata limefika 0.0625. Ukivuka 1,048,576 linakuwa 0.125. Ukivuka 2,097,152 linakuwa 0.25. Kila mara namba inapovuka kipeo kingine cha mbili, pengo linaongezeka mara mbili.

Jumla yoyote inayoangukia ndani ya pengo lazima isukumwe kwenye namba iliyo karibu zaidi. Huko ndiko kukadiria, na kinachopotea ni kosa la kukadiria. Kosa moja ni dogo mno. Balaa linakuja pale makosa hayo yanapofuatana mamilioni ya mara, tena yakielekea upande mmoja.

Tuifuate jumla yetu ikipanda. Mwanzoni mambo ni mazuri. Mpaka inafika 1,000 hakuna cha kulalamikia. Inapokuwa kati ya 131,072 na 524,288, mapengo hayaruhusu tena kuongeza 0.1 kamili. Namba iliyo karibu inapatikana kwa kupanda 0.09375, basi kila 0.1 inayoingia inahesabiwa kama 0.09375. Sehemu hii ina kujumlisha kama milioni 4.2, na kila mara tunapunjwa 0.00625. Tunapoivuka, tumepoteza kama 26,000. Kisha jumla inaingia kati ya 524,288 na 1,048,576. Huku pengo ni 0.0625, na 0.1 ni sawa na pengo moja na sehemu 6 za kumi. Kompyuta inachagua mapengo mawili, yaani 0.125. Kwa kujumlisha kama milioni 4.2 nyingine, kila 0.1 inaingia kama 0.125, na ziada inayokusanyika ni kama 105,000. Baada ya kuvuka 1,048,576 hadithi ni ileile ya 0.125 mpaka namba ya milioni kumi inapoisha. Toa hasara kwenye ziada, ongeza makosa madogo ya mwanzoni, na unapata zile 87,937 tulizoziona.

Na kule kusimama? Jumla ikishafika 2,097,152, pengo ni 0.25. Namba 0.1 haifiki hata nusu ya pengo hilo, kwa hiyo namba iliyo karibu zaidi na jumla mpya ni ileile ya zamani. Kompyuta inakadiria, inarudi ilipokuwa, na kazi yote inayofuata ni bure. Hapo tumeshajumlisha mara milioni 18 tu.

Wengi wakiliona hili hudhani tatizo ni wingi wa kujumlisha. Si hivyo, maana njia ya nusu kwa nusu inajumlisha mara 9,999,999, sawasawa na njia ya mfululizo. Tatizo ni nani anajumlishwa na nani. Katika mfululizo, 0.1 changa inakutana na jumla iliyokwisha kuwa jitu, na tarakimu zake zinakatwa ili zilingane na mapengo mapana ya jitu hilo. Zaidi ya hapo, namba iliyoingia mwanzoni kabisa inabebwa ndani ya jumla hiyo hadi mwisho, ikipitia karibu kila kukadiria kunakotokea.

Fikiria mashindano ya mpira ya mtoano yenye timu 16. Mechi zote ni 15, kwa sababu kila mechi inatoa timu moja na lazima ibaki moja. Lakini bingwa amecheza mechi nne tu. Timu zikiwa karibu milioni 17, mechi zitakuwa karibu milioni 17, na bingwa atacheza 24. Kugawa nusu kwa nusu ni mtoano wa namba ambamo anayeshindwa haondoki, bali anaungana na mwenzake. Kila namba katika orodha ya milioni kumi inapitia kukadiria mara 24 kwa wingi, badala ya karibu milioni kumi. Tena wanaokutana ni wa daraja moja: namba moja na namba moja, jumla ya mbili na jumla ya mbili, jumla ya elfu na jumla ya elfu. Hakuna changa anayekutana na jitu.

Kwa lugha ya Python programu yote ni mistari michache:

```python
import numpy as np

def jumla(x):
    n = len(x)
    if n == 1:
        return x[0]
    k = n // 2
    return jumla(x[:k]) + jumla(x[k:])

x = np.full(10_000_000, 0.1, dtype=np.float32)
```

Ukiita `jumla(x)`, subiri kidogo, kwa sababu Python ina uvivu wake katika kazi ya aina hii. Kwa mfano wetu inawezekana kufuatilia hesabu nzima kwa mkono, kwani namba zote ni sawa na vikundi vyenye ukubwa mmoja vina jumla moja. Milioni kumi inagawanyika kuwa milioni tano, kisha milioni mbili na nusu, na kadhalika hadi 78,125, ambayo haigawanyiki sawasawa: upande mmoja unapata 39,062 na mwingine 39,063. Kutoka hapo tunashuka hadi vikundi vya watano, vya watatu, vya wawili.

Tukipanda sasa kutoka chini, 0.1 ndani ya kompyuta si 0.1 kamili. Ni 0.1000000015 hivi, kwa kuwa sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika mfumo wa mbili, kama vile theluthi moja isivyoandikika kikamilifu katika mfumo wa kumi. Zikijumlishwa tano, kukadiria kunaipeleka jumla kwenye 0.5 kamili. Mbili za namna hiyo zinatoa 1 kamili. Baadaye vinatokea vikosa vidogo, na hapa ndipo penye utamu. Kikundi cha namba 4,882, ambacho kilipaswa kutoa 488.2, kinatoka kimezidi kwa kama sehemu 12 za milioni moja. Kikundi cha 4,883, kilichopaswa kutoa 488.3, kinatoka kimepungua kwa kiasi hichohicho. Vinapokutana kuunda kikundi cha 9,765, ziada na upungufu vinafutana, na jumla ni 976.5 kamili. Ngazi chache juu yake vikosa vingine vinajitokeza, na kikundi cha 78,125 kinavisawazisha tena: 7,812.5 kamili. Baada ya hapo kilichobaki ni kuongeza namba mara mbili, mara saba mfululizo. Kuongeza mara mbili katika mfumo wa mbili hakukadirii chochote. Ni kuhamisha nukta tu. Tunafika 1,000,000.

Lazima niseme wazi kwamba ukamilifu wa jibu hilo una bahati ndani yake. Namba zetu zilikuwa sawa zote, na vikosa vilipangana vizuri. Ukichukua namba milioni kumi za kawaida, zenye desimali zilizotapakaa, usitarajie jibu lisilo na doa. Kinachohakikishwa ni kikomo cha kosa. Kukadiria mara moja kunaweza kupotosha kwa kiasi kisichozidi sehemu moja ya 16,777,216 ya namba inayokadiriwa. Kama namba zote ni chanya, na kila moja inapitia kukadiria mara 24 kwa wingi, basi jumla ya milioni moja haiwezi kukosewa kwa zaidi ya takriban 1.43. Ukitumia kanuni hiyohiyo kwa njia ya mfululizo, kikomo kinakuwa karibu 600,000. Hiyo ni tahadhari ya hali mbaya kabisa, na mara nyingi mambo huwa mepesi kuliko hapo. Lakini mfano wetu wa 0.1 umeonyesha kwamba makosa ya maelfu si nadharia tu.

Nicholas Higham, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Manchester aliyefariki mwaka 2024, alichapisha mwaka 1993 uchambuzi wa njia mbalimbali za kujumlisha, na vikomo hivi vimeelezwa humo kwa ukamilifu. Kitu muhimu ni jinsi kosa linavyokua. Katika mfululizo, orodha ikiongezeka mara mbili, kikomo cha kosa nacho kinaongezeka mara mbili. Katika njia ya nusu kwa nusu, orodha ikiongezeka mara mbili, kinachoongezeka ni ngazi moja tu. Kutoka milioni kumi kwenda milioni ishirini unahama kutoka ngazi 24 kwenda 25.

Swali la kawaida hapa ni hili: kwa nini tusitumie biti 64 tu? Mara nyingi hilo ndilo jibu sahihi, nami nalishauri bila kusita pale kumbukumbu inaporuhusu. Kwa biti 64, kujumlisha 0.1 kwa mfululizo mara milioni kumi kunatoa takriban 999,999.99984, jibu ambalo wengi wangelikubali. Lakini biti 64 zinakula kumbukumbu mara mbili, na chipu nyingi za picha zinazofanya hesabu kubwa siku hizi zinakwenda polepole sana kwa biti 64. Data nyingi pia zinakuja tayari zikiwa za biti 32. Ramani za mvua za CHIRPS, ambazo wataalamu wanaofuatilia ukame Afrika Mashariki wanazitegemea, ni mfano mzuri. Ramani moja kwa kipimo cha nyuzi 0.05 ina safu mlalo 2,000 na safu wima 7,200, yaani viraka milioni 14.4. Mtu anayetafuta wastani wa ramani kama hiyo anajumlisha orodha ndefu kuliko yetu ya 0.1.

Kwenye programu halisi hakuna anayegawa mpaka namba mojamoja. Kila mgawanyo una gharama yake: programu lazima iite kazi mpya, ikumbuke ilipoishia, irudi. Gharama hiyo ikilipwa kwa kila namba, kujumlisha kunakuwa polepole mara kadhaa. Kwa hiyo mgawanyo husimamishwa kikundi kinapokuwa kidogo, na kikundi hicho kinajumlishwa kwa njia ya kawaida. NumPy, maktaba ya hesabu inayotumiwa sana na watu wa Python, ilianza kutumia njia hii katika toleo la 1.9 la mwaka 2014, na inasimama kwenye vikundi visivyozidi namba 128. Ndani ya kikundi kama hicho inaendesha jumla nane sambamba: namba ya kwanza kwenye jumla ya kwanza, ya pili kwenye ya pili, na ya tisa inarudi kwenye ya kwanza. Kila jumla kati ya hizo nane inapokea namba 16 tu, kisha nane zinaunganishwa kwa jozi. Mpango huo unapunguza makosa na wakati huohuo unaipa chipu kazi nane zisizosubiriana, ambayo ndiyo chipu za leo zinaipenda. Kwa orodha ya milioni kumi, namba moja inapitia kukadiria mara chini ya 40. Lugha ya Julia nayo hujumlisha kwa njia hii, ila vikundi vyake vya mwisho ni vikubwa zaidi, namba 1,024.

Kwa sababu gharama imefichwa namna hiyo, mtumiaji hapati habari kwamba usahihi umeongezeka, na hapati habari unapopotea. Ndani ya NumPy unapotea kwa urahisi. Jaribu mambo haya mawili:

```python
x.cumsum()[-1]

np.ones((20_000_000, 2), dtype=np.float32).sum(axis=0)
```

Mstari wa kwanza unaomba jumla zote za njiani na kuchukua ya mwisho. Jumla za njiani lazima zihesabiwe kwa mfululizo, maana kila moja inahitaji iliyo kabla yake, kwa hiyo jibu ni lile letu la mwanzo, 1,087,937. Ukilinganisha na `x.sum()`, ambayo inagawa nusu kwa nusu na kutua karibu kabisa na milioni moja, unaona ugonjwa na dawa vikiwa vimekaa bega kwa bega.

Mstari wa pili ni wa hila zaidi. Ni jedwali la safu mlalo milioni 20 na safu wima mbili, na kila kiraka kina 1. Tunaomba jumla ya kila safu wima. Jibu lilipaswa kuwa 20,000,000 mara mbili, lakini linatoka 16,777,216 mara mbili, na namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 24: mahali ambapo pengo la biti 32 linakuwa 2, na kuongeza 1 hakusogezi kitu. Sababu ni jinsi jedwali lilivyopangwa kwenye kumbukumbu. Namba zinazopakana kumbukumbuni ni za safu mlalo moja, si za safu wima moja. NumPy inagawa nusu kwa nusu pale tu inapojumlisha kufuata ujirani huo wa kumbukumbu. Ikiombwa kwenda upande mwingine, inachukua safu mlalo moja baada ya nyingine na kuiongeza kwenye jumla mbili zinazokua, yaani imerudi kwenye mfululizo. Mwandishi wa programu ameandika `sum` kama kawaida, na hakuna onyo lolote linalojitokeza.

Namna ya kugundua ni rahisi. Rudia jumla ileile kwa biti 64 kwa kuandika `dtype=np.float64` ndani ya mabano ya `sum`, kisha linganisha. Majibu yakitofautiana kuanzia tarakimu ya saba au ya sita, hakuna jipya. Hapo ndipo biti 32 zinapoishia. Yakitofautiana kuanzia tarakimu ya tatu au ya nne, angalia upande unaojumlishia. Dalili nyingine ni jumla iliyotua juu ya kipeo cha mbili. Ukiona 16,777,216 kwenye ripoti, usiendelee kuisoma ripoti hiyo mpaka umejua imetoka wapi.

Kuna mambo ambayo kugawa nusu kwa nusu hakuyawezi. La kwanza ni namba za alama tofauti zinazokaribia kufutana. Kikomo nilichokitaja kinapimwa dhidi ya jumla ya ukubwa wa namba zote, bila kujali alama. Kama orodha ina mapato ya mabilioni na matumizi ya mabilioni, na tofauti yao ni elfu chache, kosa linalotokana na mabilioni linaweza kuzimeza hizo elfu. Hapo inahitajika njia kali zaidi, kama ile ya William Kahan ya mwaka 1965, ambayo kila baada ya kujumlisha inapima kilichokatwa na kukirudisha kwenye hatua inayofuata. Kikomo chake hakitegemei urefu wa orodha kwa kiwango chochote cha kuonekana, lakini inafanya hesabu nne mahali pa moja. Ina udhaifu mwingine pia: kwa aljebra ya kawaida, kile kilichokatwa ni sifuri, na kompaila iliyoruhusiwa kurahisisha hesabu za desimali itakifuta chote. Kugawa nusu kwa nusu hakuna sehemu ya namna hiyo ya kufutwa.

La pili ni makosa yaliyoelemea upande mmoja kwa makusudi au kwa uzembe. Soko la Hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha kipimo chake mwezi Januari 1982 kikiwa 1,000. Kila hisa ilipouzwa, kompyuta ilihesabu upya kipimo hicho kutoka kwenye thamani iliyotangulia, na ilikata tarakimu zilizozidi tatu za desimali badala ya kukadiria. Kukata siku zote ni kupunguza, na ilifanywa kama mara 3,000 kwa siku. Novemba 1983 kipimo kilikuwa kimeshuka hadi karibu 524, wakati hesabu sahihi ilikuwa karibu 1,099. Hakuna orodha ya kugawanya pale, maana kila thamani ilitegemea iliyotangulia. Dawa ilikuwa kuhesabu upya kutoka kwenye bei zenyewe.

Na pale namba zinapofika moja baada ya nyingine, kutoka kwenye kipima joto kwa mfano, na hujui orodha itaisha lini? Hapo wengi wanarudi kwenye mfululizo wakidhani hakuna katikati pa kugawa. Papo. Tenga nafasi chache kumbukumbuni. Ya kwanza inaweka jumla ya namba moja, ya pili jumla ya namba mbili, ya tatu jumla ya nne, ya nne jumla ya nane, na kuendelea. Namba mpya inapofika, iweke kwenye nafasi ya kwanza kama iko wazi. Kama ina kitu, vijumlishe, iache nafasi hiyo wazi, na upeleke jibu kwenye nafasi ya pili. Nayo kama ina kitu, fanya hivyohivyo na upande juu. Namba siku zote zinakutana na za daraja lao, kama ilivyo kwenye mgawanyo, ingawa hakuna aliyewahi kuiona orodha nzima. Mwishoni jumlisha nafasi zenye kitu, ukianzia ya chini. Kwa namba milioni kumi zinahitajika nafasi 24, na ya mwisho ikishaingia, nafasi zenye kitu ni nane tu.